Kona ya Kompyuta: Barua pepe ya kwanza ikichelewa getini



Katika sanduku la maswali tumekuta karatasi nne zinazouliza karibu neno moja. Tunaichukua ile ya mzazi mmoja, maana imeeleza vizuri. Anasema binti yake anasoma masomo ya mbali, na shule imempa anwani ya barua pepe. Alipotaka kuomba nafasi ya masomo mahali pengine, ile fomu ya kwenye intaneti ilimwambia: tumekutumia namba ya uthibitisho, iandike hapa ndani ya dakika 10. Binti akakaa anaangalia kioo. Dakika 10 zikapita, hakuna kitu. Baadaye barua ikaja na namba yake, lakini namba ilikuwa imeshakufa. Mzazi anauliza: je, ni mtandao wa hapa kambini? Au kuna mtu anazuia barua za wakimbizi?

Tunajibu kwanza swali la pili, kwa sababu ndilo linaloumiza moyo. Hapana, mzazi. Seva iliyochelewesha ile barua haijui kama mwenye sanduku ni mkimbizi au ni waziri. Na mtandao wa hapa, pamoja na taabu zake zote tunazozijua, safari hii hauna kosa. Barua ilifika mapema kabisa mpaka kwenye geti la seva ya shule. Pale getini ndipo iliambiwa irudi baadaye.

Utaratibu huo unaitwa orodha ya kijivu. Nyeupe ni orodha ya wanaojulikana, wanapita. Nyeusi ni ya waliofukuzwa. Ya kijivu iko katikati: hatukujui, hatukufukuzi, zunguka kidogo halafu urudi. Aliyeieleza kwa maandishi mwaka 2003 ni mtaalamu anaitwa Evan Harris, na mpaka leo vyuo, shule na ofisi nyingi ndogo zenye seva yao wenyewe zinautumia.

Tuuelewe kwa mfano wa sungusungu wa getini. Anakuja mtu na mzigo, sungusungu hamjui. Hamfukuzi, wala hampekui. Anafungua daftari anaandika mambo matatu: umeletwa na nani, unatoka kwa nani, unakwenda kwa nani. Halafu anasema, rudi baada ya dakika tano. Mtu mwenye shida ya kweli atakaa chini ya mti, atarudi. Mtu aliyekuja kutupa takataka haraka haraka kwenye mageti mia moja hatarudi, ataenda geti lingine.

Seva inafanya hivyohivyo. Inaandika anwani ya mashine iliyoleta barua, anwani ya mtumaji, na anwani ya mpokeaji. Kama hao watatu hawajawahi kuonekana pamoja, inajibu kwa namba ya nne mwanzoni, kwa mfano hivi:

```
450 4.2.0 Recipient address rejected: Greylisted
```

Hii 4 ya mbele maana yake ni "sasa hivi hapana, jaribu tena". Ingekuwa 5, kwa mfano `550 5.1.1`, maana yake ni "hapana kabisa, usirudi". Shikeni tofauti hiyo ya 4 na 5, tutairudia chini.

Kwa nini walifikiria kitu kama hiki? Miaka ile barua taka nyingi zilitumwa na kompyuta za watu zilizoingiliwa na virusi. Zile programu za wezi zilikuwa zinarusha barua mara moja na kuendelea mbele, hazina foleni, hazina subira. Seva ya kweli inaweka barua kwenye foleni na kuirudisha, kwa sababu kanuni za barua pepe zinaidai hivyo. Leo wezi wengine wamejifunza kurudi, kwa hiyo geti hili haliwakamati wote. Bado linawakamata wengi, tena kwa gharama ndogo, ndiyo maana wenye seva ndogo hawajaliacha.

Sasa turudi kwa binti yetu na tuhesabu dakika, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Tumeweka majina ya mfano, lakini mwendo ndio huohuo.

Alibonyeza kitufe cha fomu saa 4:02 asubuhi. Kompyuta inaandika 10:02, msishangae, yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane. Sekunde chache baadaye seva ya mtumaji iligonga geti la seva ya shule. Ikaandikwa kwenye daftari, ikaambiwa irudi. Geti la shule hii linadai dakika 5 kamili, yaani sekunde 300, ambacho ni kipimo kinachokuja na programu moja inayotumika sana, jina lake `postgrey`.

Seva ya mtumaji ilirudi baada ya sekunde 282. Ilikuwa mapema kwa sekunde 18! Geti likasema tena: bado. Sasa seva ikifukuzwa mara ya pili, mara nyingi inaongeza muda wa kukaa kabla ya kujaribu tena. Hii ilikaa karibu dakika 14. Iliporudi saa 4:21 ilipita bila swali. Basi dakika 5 za geti zikageuka dakika 18 na zaidi, na namba ya binti ilikuwa imekufa tangu saa 4:12.

Mnaona wenyewe: geti linaweka muda mdogo kabisa wa kusubiri, lakini muda mrefu unaamuliwa na mtumaji. Kuna seva zinazorudi baada ya dakika 5. Kuna zinazorudi kila robo saa. Kanuni za barua pepe zinashauri kukaa angalau nusu saa kabla ya kujaribu tena, na kutokata tamaa mpaka siku 4 au 5 zipite. Kwa hiyo barua ya kwanza ikichelewa nusu saa, hata saa nzima, hiyo ni kawaida tu.

Je, utajuaje kwamba ni geti la kijivu na si kitu kingine? Barua ikishafika, inabeba alama za safari yake. Ifungue kwenye kompyuta, tafuta mahali palipoandikwa `Show source` (sanduku nyingi za shule, zile za Roundcube, zinaandika hivyo) au `Show original` kama ni Gmail. Utaona maandishi mengi ya kutisha. Usiyasome yote. Tafuta mstari unaofanana na huu:

```
X-Greylist: delayed 1117 seconds by postgrey-1.37
  at mail.example.org; Tue, 11 Mar 2025 10:21:05 EAT
```

Huo ni ungamo la geti lenyewe: nimeichelewesha hii barua sekunde 1117. Gawanya kwa 60, unapata dakika 18 na sekunde 37. Vijana wa darasa la sita wanaweza kuwafanyia wazazi hesabu hiyo.

Lakini si kila geti linaandika ungamo. Kama hakuna mstari huo, tafuta mistari inayoanza na `Received`. Kila seva iliyoishika barua inaongeza mstari wake juu ya ile ya zamani, kwa hiyo soma kutoka chini kwenda juu:

```
Received: from out.example.com by mail.example.org;
  Tue, 11 Mar 2025 10:21:05 +0300
Received: from web.example.com by out.example.com;
  Tue, 11 Mar 2025 07:02:27 +0000
```

Hapa tahadhari. Mtu akiangalia haraka atasema barua ilichelewa zaidi ya saa tatu, kutoka 07:02 mpaka 10:21. Sivyo. Ile `+0000` ni saa ya Greenwich, na `+0300` ni saa ya Afrika Mashariki. Saa 07:02 ya kule ni 10:02 ya huku. Ndugu zetu walioko upande wa Kivu wao ni `+0200`, kwa hiyo wao wangeona 09:02. Ukishasawazisha, pengo ni dakika 18. Na pengo liko kati ya seva ya mwisho ya mtumaji na seva ya shule, yaani getini. Pengo lingekuwa chini zaidi, kabla barua haijatoka kwa mtumaji, basi mchelewaji angekuwa mtumaji mwenyewe.

Sasa kile mlichokuwa mnangoja: ufanye nini wakati barua haijafika?

Kwanza ujue iko wapi. Haiko kwenye sanduku lako. Haiko hata kwenye folda la barua taka, maana seva yako haijaipokea bado. Iko kwenye foleni ya mtumaji. Tunaona watu kwenye chumba cha kompyuta wanabonyeza kufungua upya ukurasa mara thelathini, na bando linaisha. Ukifungua mara mia, hiyo barua haitasogea hata hatua moja. Angalia folda la taka mara moja tu, kwa sababu inawezekana tatizo lako ni lingine, halafu acha. Hakikisha pia anwani uliyoandika kwenye fomu ni sahihi. Nukta moja ikiwa pembeni, utangoja mpaka kiyama.

Kama unangoja namba yenye muda mfupi, fanya hivi. Ngoja dakika 10 kwa saa. Namba ikiwa haijaja, bonyeza "tuma tena" mara moja. Mara moja tu. Anwani iwe ileile uliyoiandika mwanzo.

Kwa nini hii inasaidia? Kumbukeni daftari la sungusungu. Lile jina liliandikwa mara ya kwanza ulipobonyeza, na zile dakika tano zimeshapita. Barua mpya ikija kutoka kwa mashine ileile, mtumaji yuleyule, kwenda kwako wewe, geti linakuta watatu hao wameshaandikwa na muda umetimia. Inapita palepale. Barua ya kwanza inaweza kuwa bado imelala kwenye foleni, na ya pili ikaingia mbele yake! Binti yetu angebonyeza tena saa 4:13, yamkini angepata namba mpya dakika hiyohiyo, na mzazi asingetuandikia.

Hapo kuna mtego mmoja. Ile barua ya kwanza nayo itakuja nyuma, na namba yake ya zamani. Mara nyingi fomu ikitoa namba mpya inaua ile ya kwanza. Kwa hiyo usitumie barua iliyofika mwisho, tumia iliyotumwa mwisho. Angalia saa ndani ya barua. Mtu akibonyeza mara tano anapata barua tano zinazofika ovyo, hajui ipi ni ipi, na fomu nyingine zinamfungia kabisa kwa siku nzima. Tumeshuhudia hayo zaidi ya mara moja.

Kosa lingine ni kubadilisha anwani. Mtu akiona kimya anasema, ngoja nitumie anwani ya kaka. Lakini ile ya kaka kama ni ya shule hiyohiyo, daftari linaanza upya: mpokeaji ni mwingine, watatu hawajaonekana pamoja, geti linasema rudi. Umejirudisha mwanzo wa foleni. Na zaidi ya hapo ombi lako sasa liko kwenye sanduku la mtu mwingine, majibu yote yatamwendea yeye.

Ila tuseme ukweli, kubonyeza tena hakusaidii kila mahali. Kampuni kubwa zina mashine nyingi za kutuma. Jaribio la kwanza linatoka mashine hii, la pili linatoka nyingine, na geti linaona mgeni mpya kila mara. Mageti mengi yamerekebishwa yaangalie mtaa wa mashine badala ya nyumba moja, na yana orodha ya kampuni zinazojulikana ambazo hayazisumbui. Geti ambalo halijarekebishwa litachelewesha barua masaa. Ukiona umebonyeza mara moja baada ya dakika 10, na dakika 20 nyingine zimepita kimya, funga kompyuta. Andika kwenye daftari lako namba ya ombi, saa na tarehe. Rudi baada ya saa moja au mbili, uombe namba mpya. Kama fomu ina njia ya kutuma namba kwa ujumbe wa simu, chagua hiyo. Ujumbe wa simu haupiti geti hili.

Kama unangoja barua ya kawaida, kwa mfano jibu la mwalimu au barua ya ndugu aliyefungua anwani mpya huko Kanada, usifanye kitu. Itakuja yenyewe. Ndugu akikupigia kwamba ametuma sasa hivi na wewe huoni, mwambie asitume tena mara kumi. Mwulize tu kama amepata barua ya kurudishiwa. Hapo ndipo ile tofauti ya 4 na 5 inafanya kazi. Akisoma namba inayoanza na 5, au maneno `Address not found`, kosa ni la kudumu. Yawezekana amekosea anwani, aiangalie herufi kwa herufi. Akiona `Delivery incomplete`, hilo ni onyo la Gmail kwamba barua bado iko njiani na wanaendelea kujaribu. Na asipopata kitu chochote, barua iko foleni. Zikipita saa 24 bila kufika, hiyo si kawaida tena kwa geti la kijivu. Hapo amjulishe fundi wa seva ya shule au ofisi, akitaja saa aliyotuma na anwani zote mbili. Fundi ataiona kwenye kumbukumbu za seva, na anaweza kumweka mtumaji huyo kwenye orodha nyeupe.

Jambo hili linatugusa sisi pia tukiwa watumaji. Ukiandikia ofisi kwa mara ya kwanza, kwenye kioo chako utaona imetumwa, lakini huenda kule getini wameiambia izunguke. Kwa hiyo barua yenye tarehe ya mwisho usiitume dakika ya mwisho. Tuma barua fupi siku moja au mbili kabla, kuuliza kama nyaraka fulani zinatakiwa. Hiyo inakufungulia njia, na ile yenye viambatanisho ikija, jina lako limeshaandikwa. Binti wetu naye angeweza kufungua akaunti ya fomu siku ya Jumatatu, akaijaza Jumatano bila presha.

Daftari nalo halidumu milele. Kwa kipimo cha kawaida cha ile programu tuliyoitaja, jina linakaa siku 35 tangu barua ya mwisho ipite. Zikipita bila barua nyingine, linafutwa. Ndiyo maana mwanafunzi anayepata barua ya ofisi ileile mara moja kwa muhula anaona inachelewa kila muhula, akadhani anaonewa. Na mtumaji asiporudi kabisa ndani ya siku 2 baada ya kuambiwa azunguke, naye anafutwa, ataanza upya. Tovuti nyingine zimeundwa vibaya, zinatuma barua bila foleni na hazirudi. Hizo barua zake hazitafika kamwe kwenye sanduku lenye geti hili, hata ungoje mwezi. Dalili yake ni kwamba umebonyeza tena kwa utaratibu tuliosema, asubuhi na jioni, na hakuna hata barua moja iliyofika ikiwa imechelewa. Hapo tumia anwani nyingine yako mwenyewe, ya kampuni kubwa, kwa fomu hiyo tu.

La mwisho kuhusu wale wanaokaa nje ya kafe na kusema eti wana mtu ndani ya seva, lete pesa kidogo na neno lako la siri, barua itatoka. Barua iko kwenye foleni ya mtumaji, na seva yake itairudisha getini bila mtu kulipwa. Huyo jamaa anajua kitu kimoja tu: kwamba baada ya nusu saa barua itafika, na wewe utadhani ni yeye aliyeileta. Atabaki na pesa, atabaki na neno la siri. Kama umeshampa mtu neno lako, libadilishe leo kabla ya jua kuzama.

Mwenye barua iliyochelewa na anayetaka tusome pamoja mistari ya `Received`, aje chumba cha kompyuta Jumanne au Alhamisi mchana. Asiifute ile barua, na aje na daftari lake lenye saa aliyobonyeza.